Jibini mbichi ya ndimu: joto, asidi na muda wa kungoja

*Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa hapa Isevya, Tabora mjini. Nanunua maziwa lita 5 kwa mfugaji, natengeneza ile jibini ya Kihindi na kuwauzia watu wa mgahawa. Nachemsha maziwa mpaka yapande, namimina nusu kikombe cha maji ya ndimu, nakoroga. Siku nyingine inatoka nzuri, inakatika kwa kisu. Siku nyingine ni chenga tupu na maji yanabaki meupe. Ajabu ni kwamba siku mbaya mara nyingi ni zile mfugaji anapowahi kuleta. Joto linatakiwa liwe ngapi, na ningoje muda gani kabla ya kuchuja?*

Marahaba mama. Nikupe kwanza tarakimu ulizouliza. Pasha maziwa yafike nyuzi 90 za Selsiasi na uyashikilie hapo dakika 5. Yaepue, yaache yashuke hadi nyuzi 80, ndipo utie ndimu, kidogo kidogo. Yakishakatika, funika na ungoje dakika 10 bila kugusa, kisha chuja kabla hayajashuka chini ya nyuzi 65. Ukizishika hizo, utakuwa umeondoa karibu nusu ya tatizo.

Nusu iliyobaki iko kwenye kile kikombe chako cha ndimu, na umeigusa mwenyewe uliposema siku mbaya ni zile mfugaji anapowahi. Wengi wangedhani ni kinyume chake, kwamba maziwa yaliyochelewa ndiyo yangeharibu jibini. Lakini wewe umeona vizuri, na sababu yake ni hii.

Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yana asidi kidogo sana. Yakikaa kwenye dumu, yakasafirishwa kwa baiskeli au bodaboda kutoka vijiji vya Uyui huku jua likipanda, vijidudu vilivyomo huanza kuigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Ukiyaonja bado matamu, ukiyachemsha hayakatiki, lakini asidi imeshaongezeka. Maana yake sehemu ya kazi ya ndimu imefanyika njiani. Siku hiyo nusu kikombe chako kinatosha kumalizia. Siku ambayo mfugaji amewahi, maziwa yanafika kwako yakiwa hayajaanza kabisa, na nusu kikombe kile kile hakifiki mwisho. Sehemu ya jibini inaganda kwa udhaifu, ikawa chenga, na sehemu nyingine inabaki imeyeyuka ndani ya maji. Weupe ule unaouona kwenye maji ni jibini yako mwenyewe unayoimwaga.

Tuiweke kwa hesabu ili uone haikuwa bahati mbaya. Maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyo mapya huhitaji takriban gramu 2 za asidi ya ndimu kwa kila lita ili yakatike vizuri yakiwa moto. Lita 5 zinataka gramu 10 hivi. Maji ya ndimu yana asidi ya karibu asilimia 6, ingawa ndimu hazilingani: ya mti huu na ya mti ule, iliyokomaa na iliyochumwa mapema, zinaachana. Nusu kikombe, nikichukulia kikombe cha mililita 250, ni mililita 125, na humo mna asidi ya gramu 7 na nusu tu. Umepungukiwa gramu 2 na nusu. Maziwa yaliyokaa njiani saa chache kwenye joto la Tabora yanaweza kuwa na ongezeko la asidi linalolingana na upungufu huo, au karibu nao. Ndiyo maana jibini ilikuwa ikikubali siku ya kuchelewa.

Kwa hiyo usipime ndimu kwa kikombe ukaimimina yote. Andaa nyingi kuliko unavyohitaji, kisha maji ya jibini yenyewe ndiyo yakuambie wapi pa kukoma. Nitalieleza hilo kwa kirefu nikifika hapo, lakini kwanza tuyamalize mambo ya joto, kwa sababu ndimu haiwezi kufanya kazi yake sawasawa kama joto halikuandaa maziwa.

Ndani ya maziwa mna protini za aina mbili. Kubwa zaidi, kama sehemu 4 kati ya 5, ni kaseini, na hiyo ndiyo inayoganda unapotia asidi. Sehemu ya 5 iliyobaki ni protini za majimaji, ambazo maziwa yasipopashwa sana hazigandi na ndimu. Zinaondoka na maji. Maziwa yakivuka nyuzi 75 hivi, protini hizi huanza kukunjuka na kujibandika kwenye kaseini. Ukifika nyuzi 90 na kukaa dakika 5, sehemu kubwa yake imeshabandikwa, na ndimu ikija inazigandisha zote pamoja. Unapata jibini nyingi zaidi kwa maziwa yale yale, na inakuwa laini kwa sababu protini hizo hushika maji. Mtu anayepasha mpaka nyuzi 65 tu na kutia ndimu atapata jibini pia, lakini kidogo, na ya ugumu mwingine.

Joto hilo lina kazi nyingine ambayo sitaki uipunguze hata siku moja. Maziwa ya mitaani huku kwetu yanaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Nyuzi 90 kwa dakika 5 zinaviua. Ndimu haiviui. Usije ukajaribu njia ya mkato ya kugandisha maziwa mabichi ya uvuguvugu, hata kama umeambiwa ladha yake ni nzuri.

Sasa kuhusu kuchemsha mpaka yapande. Tabora iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakiwa nyuzi 96, hayafiki 100. Maziwa huchemka karibu hapo hapo. Kwa hiyo ukiyaacha yapande umepita nyuzi 90 kwa nyuzi 6 tu, na hilo peke yake halina madhara. Shida inakuja unapomimina ndimu wakati bado yanatokota. Kwenye joto hilo asidi hugandisha mara moja pale ilipoangukia. Madonge ya hapo yanakaza, yanakamua maji yao na kuwa ya mpira au chenga ngumu, huku maziwa ya upande wa pili wa sufuria hayajapata asidi kabisa. Na yale mapovu yanayopanda yanayapasua madonge kabla hayajashikana. Ukishusha hadi nyuzi 80, kugandisha kunakwenda polepole kiasi cha kukuwezesha kuieneza asidi sufuria nzima.

Kushusha joto kunabadilisha pia ulaini wa jibini. Ukitia ndimu kwenye nyuzi 80 unapata jibini imara, inayofaa kukatwa vipande vya mraba na kukaangwa, na nadhani hiyo ndiyo watu wa mgahawa wanayoitaka. Ukishuka hadi 72 au 70, inakuwa laini zaidi, ina maji zaidi, lakini inavunjika ukiigeuza kwenye kikaango. Chini ya hapo sikushauri.

Kabla hujakiamini kipimajoto chako, kijaribu. Usinunue cha kupimia homa, kwani hicho hakivuki nyuzi 42 au 43, na usitumie cha zebaki kwenye chakula. Tafuta cha jikoni, chenye mchi wa chuma, kinachofika nyuzi 100 na zaidi. Kitumbukize kwenye maji yanayotokota. Hapa Tabora kinapaswa kusoma 96 au karibu yake. Kikisoma 100 kamili usishangilie, maana kinazidisha nyuzi 4, na wewe utakuwa unayaita maziwa ya nyuzi 86 kuwa ni 90. Ndugu yako wa Kigoma, pale chini karibu na ziwa, ataona maji yake yanachemka kwenye 97 hivi. Unaweza pia kukijaribu kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa. Hapo kinatakiwa kisome 0. Unapopima maziwa, mchi ukae katikati, usiguse chini wala ubavu wa sufuria, kwa sababu chuma cha sufuria kina joto kuliko maziwa.

Sasa tufanye lita zako 5 tangu mwanzo.

Maziwa yakifika, chota vijiko viwili, uyachemshe peke yake kwenye kisufuria. Yakikatika yenyewe bila ndimu, yameshachacha mno. Hayo yageuze matumizi, usiyatie kwenye sufuria kubwa, kwa sababu yatakatika njiani ukiwa nyuzi 70 au 80, kabla joto halijamaliza kazi, na jibini itakuwa ya chenga na chachu bila dawa yoyote. Yakibaki mazima, chuja kwa kitambaa safi na uweke jikoni. Sufuria iwe nzito chini. Kama unatumia mkaa, punguza moto ukikaribia nyuzi 70 na usiache kukoroga hadi chini kabisa, maana maziwa yakishika chini harufu ya kuungua inaingia kwenye jibini yote na haitoki.

Wakati yanapanda joto, kamua ndimu upate kikombe kizima, chuja mbegu na nyama. Ongeza kikombe kimoja cha maji ya moto, ya kiasi cha nyuzi 70. Sasa una vikombe viwili vya maji machachu. Kuzimua kunasaidia asidi isikolee mahali pamoja, na kuyapasha kunazuia maziwa yasipozwe ghafla. Maji machachu ya baridi kwa kiasi hicho yakiingia yote yanaweza kuyashusha maziwa yako kwa zaidi ya nyuzi 4, na hizo nyuzi utazihitaji baadaye wakati wa kungoja.

Fikisha 90, shikilia dakika 5 kwa moto mdogo, kisha epua. Acha wazi huku ukipitisha mwiko taratibu ili utando usifanyike juu. Kwa lita 5 kushuka hadi 80 huchukua kama dakika 10, pungufu kama jikoni kwako kuna upepo. Kama una haraka, kalisha sufuria ndani ya beseni lenye maji baridi kidogo, lakini usiiache hapo, itapita.

Kwenye 80, anza kumimina. Kikombe cha kwanza cha yale maji machachu kiende kwa muda wa dakika nzima, mkondo mwembamba, ukizunguka sufuria yote, mkono mwingine ukisogeza mwiko polepole kutoka chini kuja juu. Sikusema ukoroge. Ile koroga ya kupiga duara kwa nguvu ndiyo inayosaga madonge machanga yakawa chenga, na nina wasiwasi wewe umekuwa ukiifanya.

Mwanzoni hutaona kitu. Kisha maziwa yatakuwa mazito kidogo na utaona vipunje vidogo vikishika ubavu wa mwiko. Wengi hukomea hapa wakidhani yamekatika. Bado. Maji katikati ya vipunje ni meupe. Kikombe cha kwanza kikiisha, ngoja nusu dakika, kwa sababu asidi inachukua muda kidogo kuenea na kufanya kazi. Angalia. Kama bado ni meupe, ongeza kijiko kimoja cha mezani, sogeza mwiko mara mbili tatu, ngoja tena sekunde kama 15, angalia. Endelea hivyo kijiko kwa kijiko. Kuna kijiko kimoja ambacho baada yake hali inabadilika mbele ya macho yako: madonge yanajikusanya na kuwa makubwa, na maji yanajitenga, yanakuwa angavu, rangi ya manjano yenye kijani kwa mbali. Koma hapo hapo. Hata kama umebakiza nusu kikombe cha maji machachu, kiweke pembeni.

Kwa maziwa mapya utajikuta umetumia kikombe 1 na theluthi hivi cha yale maji yaliyozimuliwa. Kwa maziwa yaliyochelewa, kikombe 1 au kikombe 1 na vijiko viwili. Usizichukue tarakimu hizi kama sheria, maana ndimu zitabadilika na maziwa yatabadilika. Zinakusaidia tu kujua karibu na wapi uanze kuwa mwangalifu.

Kama huna uhakika na macho yako, hasa jikoni kukiwa na giza, kuna kipimo kidogo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Chota maji ya jibini kidogo kwenye glasi safi, uyachuje yasiwe na madonge. Dondoshea matone mawili ya ndimu. Kama vinatokea vipunje vyeupe vipya, asidi haijatosha, ongeza kijiko kwenye sufuria. Kama hakuna kinachotokea, umemaliza. Glasi hiyo haidanganyi, na inafaa kwa ndimu, kwa siki, kwa kila kitu.

Na usivuke. Anayeona maji yamekuwa angavu kisha akaongeza "kijiko cha usalama" anaiharibu jibini kwa njia nyingine. Asidi ikizidi, madonge hukaza na kukamua maji yaliyokuwa yanaipa jibini ulaini; unapata chenga kavu, uzito unapungua, na ladha inakuwa chachu. Uchachu unaweza kuupunguza kwa kuyasuuza madonge na maji ya moto yaliyochemshwa, lakini ule ukavu haurudi nyuma. Hivyo una chenga za aina mbili, na dawa zake zinapingana. Chenga laini zenye maji meupe ni asidi pungufu: rudisha sufuria jikoni, fikisha 80 tena, ongeza kijiko kwa kijiko. Chenga ngumu zenye maji angavu ni asidi iliyozidi au joto lililokuwa juu mno wakati wa kutia: hiyo ya leo ikaange ilivyo, au iponde uitumie kwenye mboga, na kesho urekebishe.

Sasa kungoja, ambako pia umeuliza. Maji yakishakuwa angavu, ondoa mwiko, funika sufuria, usiguse kwa dakika 10. Ndani ya dakika hizo vipunje vinazama, vinagusana na kuungana. Vinaungana kwa sababu bado ni vya moto: mafuta yake ni kimiminika na protini bado inanata. Ukiacha yapoe mno, hali ni ya ugali uliopoa, ambao huwezi tena kuyabana matonge mawili yakawa tonge moja. Ndiyo sababu ya ule mpaka wa nyuzi 65. Nimeona watu wenye jibini nzuri kabisa kwenye sufuria wanaoiacha nusu saa wakiwa sokoni, wakirudi wanachuja, wanakandamiza kwa jiwe kubwa, na bado kipande kinameguka kikiguswa na kisu. Uzito haukuwa tatizo. Madonge yalishapoa.

Kwa upande mwingine, ukichuja mapema mno, baada ya dakika 2 au 3, madonge yanakuwa bado machanga, yanapita kwenye kitambaa na kuziba vitundu vyake. Dakika 10 kwa lita 5 zinatosha. Ukifanya lita 2 tu, sufuria inapoa haraka, ngoja 6 au 7. Ukija kufanya lita 20, joto linakaa sana, na unaweza kungoja robo saa bila hofu. Pima tu kabla ya kuchuja.

Kitambaa kiwe cha pamba nyepesi, kilichochemshwa, na ukiloweshe kwa maji ya moto kabla ya kukitandika juu ya chujio la matundu. Chota madonge kwa upawa uyalaze humo; usiyamwage kutoka juu. Maji yakiisha kukimbia, funga kitambaa kiwe bapa, unene wa vidole viwili hadi vitatu, weka kibao safi juu yake, na juu ya kibao dumu lenye lita 3 za maji. Hizo ni kilo 3, zinatosha kwa kipande cha upana wa kiganja na nusu hivi. Dakika 20. Ukizidisha uzito au muda, unakamua mafuta na maji na kujipunguzia kilo unazouza. Baada ya hapo kiweke kipande, kikiwa bado ndani ya kitambaa, kwenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, baridi ya friji ikiwezekana, kwa saa 2. Hapo ndipo kinapokaza na kukubali kisu. Ukikata ikiwa ya moto, kila kitu nilichosema juu kitaonekana kimeshindwa.

Lita 5 za maziwa halisi zinapaswa kukupa gramu 700 hadi 850. Maziwa ya ng'ombe wetu wa asili yana mafuta mengi, hivyo usishangae ukikaribia au kupita hiyo ya juu. Ukipata gramu 500 wakati maji yako yalikuwa angavu na joto ulilishika, basi tatizo halikuwa jikoni kwako. Maziwa yalitiwa maji kabla hayajakufikia. Laktomita, kile kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, itakuonyesha: maziwa mazima husoma kati ya 26 na 32, na chini ya hapo mwulize mfugaji kwa upole.

Ndimu zikipanda bei unaweza kutumia siki nyeupe. Ile ya asilimia 5 inakwenda karibu sawa na maji ya ndimu, mililita 35 hivi kwa lita, nayo izimue na kuipasha vile vile. Angalia tu kibandiko, kwa sababu ziko siki kali zaidi. Ile asidi ya ndimu ya unga ndiyo rahisi kuitegemea kwa mtu anayeuza: gramu 12 kwenye vikombe viwili vya maji ya moto kwa lita 5, na utabakiza kidogo. Ukwaju unagandisha pia lakini unaipa jibini rangi ya udongo, wateja wako hawataipenda. Maziwa ya pakiti yanayokaa nje ya friji miezi kadhaa yaepuke. Yamepashwa joto kali mno kiwandani na madonge yake huwa dhaifu hata ukifanya kila kitu sawa.

Jibini hii haina chumvi, ina maji mengi, na asidi yake si kali kiasi cha kuilinda. Kwa joto letu isikae nje. Ikitoka kwenye maji baridi iende kwenye friji ndani ya chombo chenye kifuniko, na uwafikishie watu wa mgahawa siku hiyo hiyo au kesho yake. Friji ikiwa baridi sawasawa inakaa siku 5 au 6. Ikianza kuteleza ukiigusa, au ikawa na harufu ya uchachu ambayo haikuwa nayo, usiiuze. Umeme ukikatika usiku kucha, hesabu siku zimekwisha.

Na yale maji ya manjano usiyamwage yote. Kandia unga wa chapati, au wape nguruwe na kuku wa jirani yakishapoa.